Viti Kumi na Vitatu vya Kumsikiliza Shailoki

Mara ya kwanza nilipojaribu semina ya Sokrati, kosa lilikuwa kwenye swali, na swali nililitunga mwenyewe. Niliandika ubaoni: Je, Shailoki alitendewa haki? Sijamaliza kufuta chaki mikononi, kidato cha tatu kilikuwa kimeshagawanyika pande mbili. Mmoja kajipa uenyekiti, mwingine kavua saa ili awe mtunza muda, na wa tatu kasimama tayari: “Ndugu mwenyekiti, katibu, mtunza muda makini, wapinzani wangu na hadhira kwa ujumla…” Dakika arobaini zikaisha kwa makofi na zomeazomea. Kitabu hakuna aliyekifungua.

Siwalaumu. Mdahalo ndio waliofundishwa tangu shule ya msingi, na mdahalo una kazi yake: unapewa upande, unautetea hata kama huuamini, jioni anatangazwa mshindi. Semina haina pande wala mshindi. Watu wanakaa duara, wamesoma andiko moja, wanajaribu kulielewa kwa pamoja huku wakiulizana. Mwalimu anaanzisha kwa swali ambalo yeye mwenyewe bado linamsumbua, kisha anafunga mdomo.

Jina tu ndilo la Sokrati, yule mzee wa Athene aliyenyweshwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo. Yeye hakuwa na darasa wala hakuandika kitabu. Alikuwa akiwasimamisha watu barabarani na kuwauliza mpaka wakwame. Mtindo wa kukaa darasani na kitabu mkononi ulishika mizizi Marekani, katika Chuo cha St. John’s mjini Annapolis, kuanzia mwaka 1937. Mwaka 1982 mwanafalsafa Mortimer Adler alitaka uingizwe katika shule za kawaida, kwa watoto wote. Tofauti ni moja kubwa: Sokrati alimbana mtu mmoja mpaka atoe jasho, ila katika semina anayebanwa ni andiko.

Andiko ninalotumia ni Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Hatusomi yote kwa ajili ya semina. Tunachukua onyesho la mahakamani peke yake. Antonio amekopa dukati 3000 kwa Shailoki kwa ajili ya rafiki yake, kwa mkataba kwamba asipolipa kwa wakati atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Deni limepitiliza. Shailoki anapewa mara mbili ya fedha zake, anakataa, anataka nyama. Anaingia Porshia, mwanamke aliyevaa kama mwanasheria wa kiume, anamsihi awe na huruma, anakataa tena. Basi Porshia anamwambia: kata, lakini mkataba unasema nyama, hausemi damu. Hapo mambo yanageuka. Shailoki sasa anakubali fedha, anakataliwa. Anaomba mtaji wake tu, anakataliwa. Anataka kuondoka zake, anarudishwa, anasomewa sheria nyingine, ananyang’anywa mali na kulazimishwa kuwa Mkristo.

Tazama jinsi mambo hayo yalivyopangwa kama ngazi. Ndipo nilipogundua swali langu lilikosea wapi. “Je, alitendewa haki?” linaomba ndiyo au hapana, na ndiyo na hapana ni kambi mbili. Mwaka uliofuata niliandika: Mahakama ya Venisi ilitenda haki mpaka wapi? Sasa mwanafunzi hawezi kujibu bila kuweka kidole kwenye ukurasa. Mmoja ataweka kwenye mkataba wenyewe, wa pili kwenye damu, wa tatu kwenye mtaji, wa nne kwenye ubatizo. Hakuna kambi mbili tena, kuna watu waliosimama kwenye vidato mbalimbali vya ngazi moja, na aliye kidato cha tatu anaweza kusogea hadi cha pili bila kuonekana kashindwa.

Namna nyingine ya kuharibu swali ni kulipendelea. “Kwa nini Shailoki alikuwa katili?” limeshahukumu. “Haki ni nini?” nalo ni pana mno, wanafunzi watatoa mahubiri. Mimi hulipima swali kwa kuandika majibu matatu tofauti na kutafuta mistari inayotetea kila moja. Nikikosa mistari kwa jibu la pili, najua nimetunga mtego.

Maandalizi yanachukua wiki nzima. Darasa langu lina wanafunzi hamsini na wawili, na nakala za kitabu ni kumi na nne. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipa mpango: viti kumi na vitatu, kila kiti watu wanne wenye kitabu kimoja, na nakala iliyobaki ni yangu. Wanne hao wanalisoma onyesho mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti, kila mtu na mhusika wake, ili kisa kieleweke. Mara ya pili kimya, wakitia namba za mistari kwa penseli, tano, kumi, kumi na tano, ili siku ya semina mtu akisema “mstari wa hamsini” wote wafike pamoja. Kisha kila mmoja anaandika karatasi ya kuingilia: jibu lake la sasa, mistari miwili inayolibeba, na swali moja analotaka kuwauliza wenzake. Asiye na karatasi haketi ndani ya duara siku hiyo, anaandika kumbukumbu. Hilo silegezi. Aliyeingia mikono mitupu atatoa maoni ya jumla, na maoni ya jumla huambukiza.

Siku yenyewe tunahamia bwalo, maana madawati ya darasani yameungana na mabenchi na hayasogei. Tuna vipindi viwili vilivyoungana, dakika themanini. Mtu mmoja wa kila kiti anakaa mbele, watatu nyuma yake. Baada ya dakika kumi na mbili nagonga meza, wanapewa dakika mbili za kunong’onezana, halafu wa mbele anampisha mwingine. Raundi nne, na kila mtu amezungumza au amekuwa na nafasi ya kuzungumza.

Kanuni zilikuwa nyingi, nikazipunguza. Hakuna kunyoosha mkono. Ukiona mwenzako amevuta pumzi, mwache. Unazungumza na wenzako, si na mimi. Ukitaka kumpinga mtu, kwanza rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka akubali kwamba ndiyo aliyoisema. Ukidai jambo, taja mstari. Na kila mmoja ana vizibo vitatu vya soda: ukizungumza unatupa kimoja katikati, vikiisha unasikiliza. Vizibo vinaonekana mchezo wa watoto, lakini vimewatuliza wasemaji wangu wakubwa kuliko karipio lolote.

Kanuni ya kurudia hoja ndiyo ngumu kuliko zote. Mwaka jana kijana mmoja alianza, “Mwenzangu amesema Shailoki hana kosa…” Binti aliyetajwa akatikisa kichwa. “Sijasema hivyo. Nimesema mkataba haukuwa na kosa kwa sheria ya kwao.” Akarudia tena, akakosea tena. Mara ya tatu akapatia, akanyamaza, kisha akasema polepole, “Basi hapo mimi na wewe hatupingani.” Kwenye mdahalo wangepigana dakika kumi juu ya jambo wanalokubaliana.

Mimi nakaa pembeni na daftari, nimechora duara lenye namba za viti. Kila mtu akizungumza navuta mstari kutoka kiti hadi kiti. Baada ya robo saa ramani inaniambia hali. Mistari ikirudi yote kwangu, wanatafuta idhini ya mwalimu, na dawa ni kuinamisha macho kwenye daftari nisiwatazame. Ikizunguka kati ya viti vitatu, wengine wamekuwa watazamaji. Mistari ikikatizana kama utando, sina la kufanya. Kimya nacho nilijifunza kukivumilia kwa shida. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na wakifikisha tatu majibu hurefuka na kuwa na hoja. Mimi nahesabu hadi kumi, kidole kikigonga goti.

Raundi ya pili ilikuwa imekwama kwenye damu, wakibishana kama Porshia alitumia akili au hila. Ndipo binti mmoja aliyekuwa bado na vizibo vyake vyote vitatu akatupa kimoja. “Someni ile sheria ya pili. Haisemi mtu yeyote akitaka kumuua mwenzake. Inasema mgeni akitaka kumuua raia. Je, Antonio angetaka kumuua Shailoki, ipo sheria?” Kurasa zikafunguliwa kote bwaloni. Nimelisoma onyesho hilo mara nyingi na neno hilo nilikuwa nikilipita. Kijana mwingine akawarudisha nyuma zaidi, kwa Shailoki anapowaambia waungwana wa Venisi kwamba nao wana watumwa waliowanunua na hawako tayari kuwaachia, kwa hiyo na yeye nyama yake ameinunua. Hapo tulikaa muda mrefu. Wengine walisema anatetea ubaya kwa ubaya. Wengine, anaionyesha mahakama uso wake kwenye kioo.

Niliingilia mara moja tu. Walipofika kwenye kubadilishwa dini kwa lazima, mmoja alisema tuwaulize Waislamu wa darasani wanaonaje. Nikasimamisha. Kanuni yetu ni kwamba hakuna anayeitwa kusema kwa niaba ya dini yake, kabila lake wala wazazi wake. Anayetaka kujieleza atajieleza mwenyewe. Mengine tunayatafuta kwa Shailoki, naye yumo kitabuni.

Njia hii ina mipaka yake. Haifundishi jambo jipya. Wasiojua mkopo wa riba ni nini hawatalijua kwa kujadiliana, lazima niwafundishe kabla. Mtihani wa taifa ni wa kuandika, haumuulizi mtu alimsikilizaje mwenzake, na mwezi wa mitihani siigusi. Nilipojaribu mtindo huu kwa Kiingereza, ramani yangu ilibaki karibu tupu: watoto walikuwa na mawazo, maneno ndiyo hawakuwa nayo. Alama pia sitoi kwa wingi wa kuzungumza. Nasahihisha nusu ukurasa wanaoandika kesho yake, wakieleza walianza kwenye mstari upi, wameishia wapi, na nani aliwasogeza au aliwafanya wakazane palepale.

Katika karatasi hizo nilikuta ya kijana ambaye hakutupa kizibo hata kimoja. Hakujibu swali langu. Aliandika kwamba mwanzoni mwa tamthiliya Antonio anakiri alimtemea mate Shailoki na yuko tayari kumtemea tena, na akauliza kwa nini mahakama nzima hakuna aliyemuuliza Antonio habari za mate yale. Nimelikata swali hilo na kulibandika ndani ya jalada la nakala yangu. Mwakani nitafungulia nalo.