Muhuri wa Mapokezi Uliorudisha Shilingi 248,000

"Mama, iache tu hapa, nitamkabidhi meneja," alisema dada wa mapokezi. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa 4:20 asubuhi, katika ofisi ya kampuni moja ya bima mjini Morogoro. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, hakuiacha. Alitoa karatasi ya pili, sawasawa na ile ya kwanza, akaiweka kaunta. "Ahsante dada, ila naomba unigongee muhuri na hii ya kwangu."

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Mwalimu alikuwa na bima ya akiba, na kila mwezi shilingi 62,000 zilikatwa kwenye mshahara wake. Sasa alitaka kuisitisha. Mkataba ulimruhusu, kwa sharti moja: atoe taarifa ya maandishi ya siku 30, zihesabiwe tangu siku kampuni ilipoipokea. Kwa hesabu hiyo bima ilikuwa ifikie mwisho tarehe 13 Aprili. Makato ya Machi yalikuwa halali. Ya Aprili na kuendelea hayakuwa halali.

Hata hivyo aliendelea kukatwa Aprili, Mei, Juni na Julai. Alipodai arudishiwe, kampuni ilimjibu kwa maandishi mwezi Agosti: "Taarifa yako tuliipokea tarehe 2 Julai." Ukihesabu siku 30 kutoka hapo, unaangukia tarehe 1 Agosti, na makato yote manne yanakuwa halali.

Tarehe hiyo kampuni haikuizua. Julai 2 ndiyo siku Mwalimu alipopeleka barua ya kukumbushia, na hiyo ndiyo pekee iliyokuwa kwenye faili lake. Ile ya Machi haikuonekana. Ofisa aliyeipokea alikuwa amekwisha kuhamishwa. Kwa hiyo hakukuwa na ubishi juu ya mkataba wala juu ya kiasi. Ubishi ulikuwa juu ya tarehe moja, na tarehe hiyo ilikuwa na thamani ya shilingi 248,000.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Mwalimu lilikuwa na vitu vitatu, na kila kimoja kilithibitisha jambo lake.

Cha kwanza ni nakala. Barua ikishaondoka, ile halisi anayo uliyemwandikia, nawe unabaki na maneno matupu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania kwa kawaida inataka hati halisi ndiyo iletwe mahakamani, lakini inaruhusu nakala pale hati halisi inapokuwa mikononi mwa upande wa pili, nao wametakiwa kuitoa wasiitoe. Nakala hiyo haina budi kuwa ya barua iliyopelekwa hasa. Rasimu iliyobaki kwenye simu si nakala, kwa sababu huenda ulibadilisha sentensi kabla ya kuichapa. Mwalimu alichapa barua mara mbili, akasaini zote mbili, akaweka namba ya bima yake kwenye mstari wa "Yah:", kisha chini kabisa akaorodhesha viambatisho: nakala ya hati ya bima na hati ya mshahara ya Februari. Orodha hiyo ndiyo inayomfunga mpokeaji asije kusema bahasha ilikuwa na karatasi moja tu.

Cha pili ni uthibitisho wa kufika. Muhuri wenye neno "IMEPOKELEWA", tarehe, jina na sahihi ya mpokeaji, ukigongwa juu ya nakala yako, unakwambia mambo mawili kwa pamoja: barua ilifika, na ni barua hii hii. Tazama tarehe ya muhuri kabla hujaondoka kaunta. Mihuri ya kuzungusha kwa mkono husahauliwa, na asubuhi unaweza kugongewa tarehe ya jana. Kumbuka pia kwamba muhuri hauthibitishi kuwa uliyoyaandika ni kweli, wala kuwa kampuni imekubali. Umethibitisha kupokelewa tu.

Posta ina nguvu yake na udhaifu wake. Barua ya kawaida ikishatumbukizwa sandukuni haina alama ya kufuatilia. Ya rejista hupewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ mwishoni, nawe unapewa risiti. Anayeichukua husaini, na unaweza kulipia hati ya mapokezi ili sahihi hiyo irudishwe kwako. Lakini hayo yote yanathibitisha safari ya bahasha. Kilichokuwa ndani hakionekani. Ndiyo maana inafaa kuandika "KWA BARUA YA REJISTA" juu ya barua yenyewe, kisha namba ile uinakili kwenye nakala yako na kubana risiti hapo hapo.

Je, wakikataa kugonga muhuri? Usigombane nao. Toka nje, na papo hapo andika nyuma ya nakala yako: tarehe, saa, ofisi gani, nani alikataa na alisemaje. Kisha nenda posta siku hiyo hiyo, uitume kwa rejista.

Cha tatu ni maelezo ya papo hapo. Tarehe 9 Mei Mwalimu alipiga simu, akaambiwa, "Mwezi huu hutakatwa." Simu haiachi karatasi. Alichukua daftari la shule akaandika tarehe, saa, namba aliyopiga, jina la aliyezungumza naye na maneno yake. Maelezo yaliyoandikwa wakati jambo likiwa bado bichi yana uzito kuliko kumbukumbu ya miezi sita baadaye, na shahidi anaweza kuruhusiwa kuyatazama ili kujikumbusha. Hata hivyo, daftari lako ni maneno yako. Kwa hiyo jioni ile alituma baruapepe: "Kwa kurejea mazungumzo yetu ya simu ya leo, umenieleza kuwa sitakatwa mwezi huu. Kama nimekuelewa vibaya, tafadhali nijulishe." Hakujibiwa, lakini kuanzia hapo yale mazungumzo yalikuwa yamefika upande wa pili kwa maandishi.

Adui mwingine wa kumbukumbu hizi ni karatasi yenyewe. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto, na baada ya miezi kadhaa hubaki nyeupe, upesi zaidi zikikaa juani au kwenye pochi. Zitolee fotokopi siku hiyo hiyo, ubane pamoja. Na usiharakishe kulitupa faili, kwani sheria ya ukomo ya Tanzania inatoa miaka 6 kufungua madai yatokanayo na mkataba.

Septemba Mwalimu aliandika tena. Safari hii alieleza tukio moja baada ya jingine kwa tarehe: Machi 14, Mei 9, Julai 2. Aliambatisha fotokopi ya nakala yenye muhuri, ile yenye wino wa muhuri akaibakiza nyumbani. Mwishoni aliandika kuwa asipojibiwa ndani ya siku 14 atalipeleka suala kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, TIO. Huko nako swali la mwanzo huwa lile lile: kampuni uliiandikia lini, na jibu lake liko wapi?

Hakufika huko. Aliitwa ofisini akalipwa shilingi 248,000 zote. Kabla hajaondoka, dada yule yule wa mapokezi alimsogezea karatasi na kalamu. "Mama, saini hapa kwamba umepokea, uweke na tarehe." Mwalimu akasaini, kisha akaomba nakala yake.