Dai lako liwe na upana gani? Hataza ya kipukuchulio cha mkono

Tuseme umetengeneza kifaa kidogo cha kupukuchulia mahindi. Vile vya zamani unavijua: kipande kifupi cha bomba chenye mbavu ndani, unaingiza hindi kavu, unazungusha mkono, punje zinadondoka. Shida yake ni kwamba mahindi hayalingani unene. Jembamba linapita bila kuguswa, nene linakwama mdomoni.

Wewe umechukua bomba la plastiki la milimita 50, ukalichana nafasi tatu kwenye ukuta wake na kuweka mbavu tatu za chuma ndani ya nafasi hizo. Kila mbavu imeshikwa upande wa mdomo tu, na ncha yake ya pili iko huru. Kwa nje umezungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, kinachozibana mbavu zote kwenda ndani. Hindi nene linazisukuma nje, jembamba linabanwa. Inafanya kazi, na sasa unataka hataza.

Ombi la hataza lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya sana. Maelezo yanamfundisha fundi mwingine jinsi ya kukitengeneza kifaa. Madai yanaweka mipaka ya kile ambacho wengine hawaruhusiwi kukitengeneza bila ridhaa yako. Ukienda mahakamani, kinachopimwa dhidi ya kifaa cha mshindani ni madai. Maelezo husaidia kuyaelewa, lakini yenyewe hayamkatazi mtu kitu.

Mtu anayeandika dai kwa mara ya kwanza kwa kawaida huandika alichonacho mezani: "Kipukuchulio chenye bomba la plastiki la milimita 50, mbavu tatu za chuma, na mpira wa tyubu ya baiskeli." Linaonekana salama kwa kuwa kila neno ni kweli. Tatizo ni kwamba ili mtu avunje dai, kifaa chake lazima kiwe na kila kitu kilichotajwa humo. Kikikosekana kimoja, ametoka. Fundi wa Gerezani akitumia springi badala ya tyubu, ametoka. Bomba likiwa la milimita 55, ametoka. (Akiweka mbavu nne hajatoka, maana ndani ya nne zimo tatu. Akiweka mbili, ametoka.) Zipo nchi ambazo mahakama huweza kumnasa aliyebadilisha kitu kwa kingine kinachofanya kazi ileile kwa namna ileile, lakini hiyo ni kesi ndefu. Usiitegemee wakati kalamu bado iko mkononi mwako.

Sasa geuza upande wa pili: "Kipukuchulio cha mkono chenye bomba na mbavu ndani yake." Pana kweli! Lakini chukua kile kifaa cha zamani, soma dai hili neno kwa neno huku ukikitazama. Bomba lipo, mbavu zipo. Dai limekufa, kwa sababu linaelezea kitu ambacho tayari kipo. Na usijaribu kukwepa kwa kuandika "kipukuchulio kinachokubali mahindi ya unene wowote." Hapo umedai matokeo unayoyatamani bila kusema yanapatikanaje, na mkaguzi atakurudishia.

Kuna mfano wa kweli ninaoupenda, nao pia ni wa shambani. Mwaka 1874 mkulima wa Illinois, Joseph Glidden, alipata hataza ya Marekani namba 157,124 kwa ajili ya waya wa miba. Hakudai "waya wenye miba", kwa kuwa waya wa miba ulikuwepo. Michael Kelly alikuwa na hataza yake tangu 1868. Glidden alidai mwiba wa waya uliozungushwa kwenye uzi mmoja wa uzio, kisha ukashikiliwa mahali pake na uzi wa pili uliosokotwa pamoja na ule wa kwanza. Dai lake halisemi miba iachane kwa inchi ngapi wala waya uwe mnene kiasi gani. Linataja tu kile kinachozuia mwiba usiteleze. Mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali hataza hiyo, ingawa tofauti yake na ya Kelly ilikuwa ndogo kwa macho.

Kwa hiyo jiulize: katika kifaa changu, ni nini kinachomaliza ile shida ya unene? Si plastiki, wala si idadi ya mbavu. Ni kwamba mbavu inasogea, na kuna kitu kinachoirudisha ndani. Hebu tuandike upya:

"1. Kipukuchulio cha mkono chenye mwili wenye tundu la kuingizia hindi. Mbavu ndani ya tundu hilo, na angalau moja kati yake inaweza kusogea kuelekea katikati ya tundu na kurudi nyuma. Na kisukumio nyumbufu kinachoisukuma mbavu hiyo kuelekea katikati."

Maneno "angalau moja" yana sababu. Mshindani anaweza kugandisha mbavu mbili na kuacha moja tu icheze, na hindi bado litabanwa. "Kisukumio nyumbufu" kinabeba mpira, springi, na chochote kinachovutika na kurudi. Soma tena ukitazama kifaa cha zamani: mbavu zake hazisogei. Dai limepita mtihani wa upya.

Lakini mkaguzi hajamaliza. Zipo mashine za zamani za kuzungusha kwa mpini, zenye gurudumu la meno, ambazo springi hulibana hindi kwenye gurudumu. Anaweza kusema: fundi wa kawaida angechukua wazo la springi kule na kulileta kwenye bomba. Hoja hii ina nguvu, na mimi nisingeweka matumaini yangu yote kwenye dai la 1. Ndiyo maana chini yake unapanga madai yanayolitegemea, kila moja jembamba zaidi:

"2. Kipukuchulio cha dai la 1, ambapo mwili una nafasi ukutani, mbavu zimekaa ndani ya nafasi hizo, na kisukumio ni pete moja inayozunguka mwili kwa nje na kuzibana mbavu zote."

"3. Kipukuchulio cha dai la 2, ambapo kila mbavu imeshikwa upande wa mdomo wa tundu na ncha yake ya pili iko huru."

La 1 likianguka, unarudi kwenye la 2. Pete moja ya nje inabana mbavu zote kwa pamoja, na ikikatika mkulima anaibadilisha bila kufungua kitu. Ile springi ya mashine ya zamani haimfundishi mtu jambo hilo.

Hapa ndipo maelezo yanaporudi. Huwezi kuongeza kitu kipya kwenye ombi baada ya siku ya kuliwasilisha. Ikiwa maelezo yako yanataja tyubu ya baiskeli peke yake, neno "kisukumio nyumbufu" halina pa kuegemea, na mkaguzi atakutaka ulipunguze. Andika mapema kwamba kisukumio kinaweza kuwa pete ya mpira, springi ya koili, au bamba la chuma linalopinda. Kwamba mwili unaweza kuwa wa plastiki, mbao au bati. Na kwamba kipenyo cha milimita 50 ni mfano tu. Faida ile ya kubadilisha pete iandike waziwazi, kwa sababu utaihitaji utakapolitetea dai la 2.

Kabla ya kuwasilisha, mtafute mtu anayejua kufua vyuma na umsomee dai la 1. Mwambie atengeneze kifaa kinachofanya kazi ileile bila kuingia ndani ya maneno hayo. Akifanikiwa kwa dakika tano, muulize ni neno gani alilolitumia kutokea, kisha urudi mezani na neno hilo.