Mtu mmoja, dua ya wawili

Kijana anayenisaidia kutafsiri Hadithi Arubaini za Imamu Nawawi alinisogezea karatasi zake, hapa Old Kampala, karibu na Msikiti wa Taifa. Katika hadithi ya kwanza aliandika: "Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu alikuwa radhi naye." Ya tatu: "Abdullah bin Umar, Mwenyezi Mungu alikuwa radhi nao." Pembeni ameuliza kwa penseli: "Mwalimu, Waarabu wamekosea kupiga chapa? Mtu ni mmoja."

Chapa ni sahihi. Tuanze na kitenzi. Radhiya, kama salla na rahima, kwa umbo ni cha wakati uliopita, lakini kikifuata jina la mtu ni dua. Dua ya Kiswahili haibebi -li- wala -me-: awe radhi naye, amrehemu. Ukiandika "alikuwa radhi naye" umegeuza ombi kuwa habari, tena msomaji ataanza kujiuliza radhi hiyo ilikwisha lini. Baada ya jina la Mungu ni kinyume. Taala nacho kina umbo la wakati uliopita, ila hapo haombewi mtu. Ni sifa, kwa hiyo tunasema "aliyetukuka".

Sasa hao wawili. Kiarabu husema anhu kwa mwanamume, anha kwa mwanamke, anhuma kwa wawili, anhum kwa wengi. Umar amepewa anhu. Mwanawe amepewa anhuma kwa kuwa baba na mwana wote ni masahaba, na dua inawakusanya. Ndivyo ilivyo pia kwa Abdullah bin Abbas. Msomaji wa Kiarabu huipata habari ya baba ndani ya silabi moja, kifupisho chetu (r.a.) huifuta kimyakimya, na "nao" peke yake huonekana kosa.

Kifupisho kina shida nyingine. Tangu Baraza la Mawaziri liridhie mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, ninawaza wasomaji wasiowahi kukaa chuoni. Jirani yangu Mkatoliki alisoma rasimu akadhani (s.a.w.) ni herufi za jina la ukoo. Sikumlaumu. Ibn al-Salah, aliyefariki 1245, aliwakataza waandishi wa hadithi kuifupisha sala ya Mtume, nami naona maneno yake yanamfaa hata jirani huyu. Basi kila hadithi inapoanza tunaandika kwa ukamilifu: "Mtume Muhammad, Mwenyezi Mungu amshushie rehema na amani." Likirudi jina ndani ya hadithi hiyohiyo, (s.a.w.) inatosha, maana msomaji ameshajua inasimama badala ya nini. Kuiacha kabisa ndani ya maneno ya msimulizi siwezi. Ni yeye aliyeomba, si mimi.

Mstari wa hadithi ya tatu tuliuandika upya: "Kutoka kwa Abdullah bin Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye na baba yake." Kijana aliusoma kwa sauti, kisha akafuta swali lake la penseli.