Daftari la Kukodisha Viti, Turubai na Vyombo vya Muziki

Wengi wenu hapa Nakivale mnakodisha vitu kwa harusi, matanga na ibada. Ugomvi huanza vitu vinaporudi. Wewe unasema kiti kilitoka kizima, mteja anasema alikikuta kimevunjika. Daftari lililoandikwa baada ya kurudi haliwezi kuamua. Andika kabla mzigo haujapanda baiskeli au pikipiki, mteja akiwa amesimama hapo.

Kwanza, piga namba kila kiti kwa rangi, chini ya kalio, mahali pasiposuguliwa. Bila namba utaandika tu "viti 60", na hutajua ni kipi kilichoharibika. Pigia ukurasa mistari: tarehe, jina na kijiji cha mteja, kitu, hali ya kutoka, hali ya kurudi, gharama. Mteja atie sahihi au dole gumba mara mbili, wakati wa kutoka na wakati wa kurudi.

Tuseme mama mmoja anachukua viti 60 vya harusi na kuacha amana ya shilingi 30,000. Umeandika: namba 14, 22 na 41 vina ufa, vingine vizima. Vinarudi 59. Namba 41 bado ina ufa uleule, kwa hiyo hadaiwi. Namba 8 imevunjika mguu. Fundi ataushona kwa waya kwa shilingi 2,000. Namba 33 haipo. Kiti kipya ni shilingi 20,000, lakini hicho kimeshatumika nusu ya maisha yake, basi mnahesabu 10,000. Jumla ni 12,000, naye anarudishiwa 18,000. Hesabu hii mwelezeni mteja siku ya kukodi, si siku ya kudai. Kumtoza bei ya kiti kipya kwa kiti kikuukuu si haki, naye hatarudi tena kwako.

Turubai huhesabiwa pamoja na nguzo, kamba na vigingi vyake, maana hivyo ndivyo vinavyopotea. Lifungueni lote chini mtazame matundu. Likirudi limelowa, andika hivyo na ulianike siku hiyohiyo, kwani likikunjwa bichi litaota ukungu, na ukungu huo hutaweza kumdai mtu baada ya wiki mbili.

Spika ndiyo yenye hasara kubwa. Iwasheni mbele ya mteja kwa wimbo mmoja, kwanza sauti ndogo, kisha ya wastani. Ikirudi, rudieni wimbo uleule. Ikikwaruza, zimeni, kisha sukuma karatasi yake ya mbele polepole kwa vidole vilivyotandazwa. Ukisikia msuguo ndani, koili huenda imeungua kwa kupigwa sauti kupita nguvu yake. Ikiwa haina msuguo, jaribu kwanza waya mwingine, maana mara nyingi kosa ni waya uliokatika ndani, na waya ni bei ndogo. Usiandike "spika imekufa" kabla ya kufanya hivyo.

Mteja akikataa kutia sahihi ya kurudisha, mwiteni mwenyekiti wa kijiji aone vitu hapohapo, kabla havijaingizwa ghalani.