Mfululizo wa kulinganisha: pale n² na n zote zinapogoma

Chukua 1, ongeza 1/2, kisha 1/3, endelea hivyo mpaka 1/n. Jumla unayoipata huandikwa H_n, nayo huitwa namba ya hamoniki. Kwa n = 10 ni kama 2.93, kwa n = 100 ni 5.19, na ukifika milioni bado ni 14.39 tu. Ni mwendo wa kobe, lakini kobe huyu hasimami. Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa wa karne ya 14, alionyesha kwamba jumla hii hukua bila kikomo: ukizigawa sehemu hizo katika mafungu, kila fungu likiwa na urefu maradufu ya lililotangulia, kila fungu hutoa angalau nusu.

Tuipeleke namba hii kwenye mfululizo wenye H_n/n². Swali ni moja: tukijumlisha H_1/1 + H_2/4 + H_3/9 na kuendelea bila mwisho, je, jumla itatulia kwenye namba fulani?

Mwanafunzi aliyezoea kulinganisha hukimbilia 1/n², kwa kuwa anajua mfululizo huo hutulia. Anagawanya H_n/n² kwa 1/n², anabaki na H_n, ambayo hukua bila kikomo. Maana yake mfululizo wetu ni mkubwa kuliko ule unaotulia, na hilo halithibitishi lolote. Anajaribu 1/n, usiotulia. Sasa anapata H_n/n, inayoshuka kuelekea sifuri: mfululizo wetu ni mdogo kuliko ule usiotulia. Hapo pia hakuna hukumu. Wengi hukata tamaa wakidhani mbinu yenyewe imeshindwa, kumbe wamechagua walinganishwa wa pembeni, mmoja kila upande.

Anayehitajika yuko katikati. Kila 1/k haizidi 1/√k, na jumla ya 1/√k kutoka 1 hadi n haizidi 2√n. Kwa hiyo H_n haizidi 2√n, na H_n/n² haizidi 2/n^1.5. Kwa kuwa 1.5 ni zaidi ya 1, mfululizo huo mkubwa hutulia, na wetu ulio chini yake hauna budi kutulia. Tumetoa nusu kipeo kutoka n² ili kuilipia H_n, na bado tumebakiwa na ziada juu ya 1. Leonhard Euler aliona zaidi ya hapo: jumla yenyewe ni mara mbili kamili ya jumla ya 1/n³, yaani karibu 2.404. Ukijumlisha mia za kwanza unapata kama 2.34.

Badili kipeo kiwe 1.1, na nusu hiyo inakuwa ghali mno: tungebaki na 2/n^0.6, usiotulia. Hapo toa 0.05 tu. H_n hatimaye huzidiwa na n^0.05, kama inavyozidiwa na kipeo chochote kilicho juu ya sifuri, na 1/n^1.05 hutulia. Lakini neno "hatimaye" lina uzito. H_n huzidiwa kwa kudumu pale tu n inapokaribia 10^39. Anayejaribu kuhakikisha kwa kompyuta ataona H_n ikiongoza siku zote, na akiamini macho yake atatoa jibu lisilo sahihi.

Kipeo kikiwa 1 hakuna ziada ya kutoa, wala haihitajiki: H_n haipungui 1, kwa hiyo H_n/n haipungui 1/n, na jumla haitulii.

Kazi ngumu huja H_n inapohamia kwenye asili ya sehemu. Chukua 1/(n·H_n). Ni mdogo kuliko 1/n, na hatimaye ni mkubwa kuliko 1/n^1.05, 1/n^1.001, au kipeo chochote kilicho juu ya 1. Hakuna kipeo cha n kitakachoamua. Inabidi kurudi kwa Oresme. Katika fungu la n linaloanzia baada ya 2^k hadi 2^(k+1), H_n haizidi k + 2, na jumla ya 1/n ndani yake haipungui nusu. Basi fungu zima hutoa angalau 1/(2(k + 2)). Ukijumlisha mafungu yote unapata nusu ya mfululizo wa hamoniki wenyewe, ukikosa kichwa chake tu, nao hautulii.

Inyanyue H_n mara mbili, uandike 1/(n·H_n²), na mambo yanageuka. Mlinganishwa safari hii hutoka ndani ya H yenyewe: kuanzia n = 2, sehemu hiyo ni ndogo kuliko 1/H_(n−1) − 1/H_n. Tofauti hizo hufutana zikijumlishwa, zikabaki chini ya 1. Ongeza sehemu ya kwanza, ambayo ni 1, na jumla nzima haifiki 2.