Bajeti ya Friza za Samaki: Hesabu Nne za Kufanya Kabla ya Kuomba Mkopo

Unauza samaki, na kila jioni unalazimika kupunguza bei ili wasikulalie. Umeona kwamba ukipata friza utaweza kununua zaidi asubuhi na kuuza kwa bei yako. Kwa hivyo unaulizia bei ya friza dukani, unaongeza kidogo juu yake, na hiyo ndiyo inakuwa kiasi cha mkopo unaoomba.

Hapo ndipo mambo huanza kwenda mrama. Friza ni sehemu moja tu ya hesabu. Pesa nyingine inahitajika ili friza ipate samaki, stima isikatike, na wewe uweze kusubiri wateja wanaolipa baadaye. Leo tutaandaa bajeti nzima pamoja, kwa mfano wa mchuuzi wa pwani ya Kwale. Bei tulizotumia ni za mfano. Weka zako, lakini fuata mpangilio huu.

Mchuuzi wetu tayari anauza samaki wabichi sokoni. Sasa anataka kununua kilo 20 zaidi kila siku kutoka dikoni, siku sita kwa wiki, awagandishe, kisha kila Jumatatu apeleke mzigo wa wiki nzima kwa mikahawa miwili. Mikahawa hiyo inalipa siku 14 baada ya kupokea mzigo.

1. Vifaa: usiangalie lita pekee

Watu wengi huchagua friza kwa lita. Friza ya lita 400 inaweza kubeba takribani kilo 160 za samaki, na hiyo inaonekana nyingi sana. Lakini kubeba si kugandisha. Angalia kibandiko cha friza, utafute namba inayoonyesha kilo inazoweza kugandisha kwa saa 24. Kwa friza nyingi za kawaida namba hiyo ni ndogo, pengine kilo 15 au 20. Ukiweka kilo 60 za samaki wenye joto kwa wakati mmoja, wale wa katikati watachelewa kuganda na wataanza kuharibika, na hata wale wa jana watapata joto. Dalili utaiona asubuhi: samaki wa juu ni mgumu kama jiwe, wa katikati anabonyea kidole.

Mchuuzi wetu ana kilo 20 kwa siku. Akinunua friza mbili za lita 400, zinazogandisha kilo 15 kila moja, atagawa kilo 10 huku na 10 kule, na kazi itafanyika vizuri. Pia, friza moja ikiharibika, mzigo wote wa wiki, ambao ni kilo 120, unaweza kuingia kwenye ile nyingine wakati fundi anaitwa. Samaki waliogandishwa wanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hivyo nunua pia kipimajoto kidogo cha kuweka ndani.

Orodha yake ya vifaa iko hivi:

- Friza mbili: 120,000
- Vifaa viwili vya kukinga friza stima inapopanda na kushuka, pamoja na vipimajoto: 5,000
- Fundi wa stima, waya na soketi: 12,000
- Makasha mawili ya kubebea samaki na barafu: 13,000
- Mizani: 6,000
- Meza ya kusafishia: 9,000
- Leseni za kaunti na za samaki, na vyeti vya afya: 10,000

Jumla ni shilingi 175,000. Ambatanisha bei zilizoandikwa na duka, zenye jina la duka na tarehe. Mkopeshaji anataka kuona kwamba namba hizi hukuzitunga.

2. Stima: soma risiti yako ya tokeni

Chukua risiti ya tokeni, ugawanye pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi, kodi na ada zikiwa ndani. Kwa mfano wetu tuseme ni shilingi 30 kwa yuniti.

Matumizi yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha friza yamepimwa mahali pa joto la wastani, na bila kuingiza samaki wapya kila siku. Pwani kuna joto zaidi, mlango unafunguliwa mara kwa mara, na kugandisha kunakula stima kuliko kuhifadhi tu. Tunashauri uweke angalau mara mbili ya namba ya kibandiko. Kwa friza zetu mbili tunaweka yuniti 7 kwa siku, yaani yuniti 49 kwa wiki, sawa na shilingi 1,470.

Je, jenereta? Kwa mzigo huu mdogo inaweza kusubiri. Friza iliyojaa ambayo haijafunguliwa huweza kukaa na baridi yake takribani siku mbili. Ikiwa nusu, takribani siku moja. Kwenye joto la pwani usihesabu zaidi ya hapo. Mpango wako wa stima kupotea uwe hivi: funga, usifungue, na ujue ni nani atakuuzia barafu siku ya pili. Pia nunua tokeni kabla hazijaisha. Samaki wa wiki moja waliomo ndani wamekugharimu shilingi 36,000. Usiwapoteze kwa sababu mita ilizima usiku.

3. Pesa ya kuzungusha biashara: hapa ndipo wengi hukwama

Mchuuzi wetu ananunua kilo 20 kwa shilingi 300 kila kilo. Hiyo ni 6,000 kwa siku, au 36,000 kwa wiki. Ongeza gharama nyingine za wiki: stima 1,470, barafu 1,200, usafiri 1,500, na msaidizi, mifuko, usafi na ada za kutuma pesa 2,330. Jumla ya wiki ni 42,500.

Sasa hesabu siku. Samaki wa wiki ya kwanza wanapelekwa Jumatatu ya wiki ya pili. Siku 14 zinaisha Jumatatu ya wiki ya nne. Wavuvi hawasubiri mpaka siku hiyo. Wanalipwa palepale dikoni. Kwa hivyo, kabla shilingi ya kwanza haijaingia, atakuwa ametoa gharama za wiki tatu: 42,500 mara tatu, yaani 127,500.

Asipoiweka pesa hii kwenye bajeti, friza zitafika, zitajaa wiki ya kwanza, halafu zitakaa tupu huku zikila stima. Na kumbuka: kila wiki moja ambayo mteja anachelewa kulipa inahitaji 42,500 nyingine. Ndiyo maana makubaliano na mikahawa yanafaa kuandikwa, yakitaja bei, kilo na siku ya malipo.

Vifaa na pesa ya kuzungusha vinafika 302,500. Mchuuzi wetu ana akiba ya 62,500. Ataomba 240,000.

4. Rejesho: lipime kwa mwezi mbaya

Anaponunua kilo 120, hauzi kilo 120. Akishawapara, kutoa matumbo na kuondoa wachache walioharibika, anabaki na kilo 105. Kwa shilingi 480 kila kilo anapata 50,400 kwa wiki. Ukitoa gharama ya 42,500, inabaki 7,900. Kwa wiki nne ni 31,600.

Tuseme mkopo ni wa miezi 12, riba asilimia 14 inayohesabiwa juu ya mkopo wote. Riba ni 33,600, deni lote 273,600, na rejesho la kila mwezi 22,800. Ukilinganisha mikopo, usishindanishe asilimia pekee, maana kuna riba inayohesabiwa juu ya deni lililobaki na kuna ada nyingine za pembeni. Uliza swali moja: kwa jumla nitarudisha shilingi ngapi?

Mwezi mzuri, basi, unamwachia 8,800. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni mwezi wa kuanza. Malipo ya kwanza yanaingia wiki ya nne, na baada ya kulipia mzigo wa wiki hiyo anabaki na 7,900 tu. Rejesho la 22,800 likimfikia siku ya 30, atalilipa kwa pesa ya kununulia samaki. Kwa hivyo aombe kuanza kulipa baada ya mwezi wa pili, na aonyeshe hesabu hii kama sababu.

La pili ni kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti bahari huchafuka, vyombo vidogo vinashindwa kutoka siku nyingi, na bei ya dikoni inapanda. Tuseme anapata kilo 60 kwa wiki kwa shilingi 350, gharama nyingine zinashuka kidogo tu hadi 5,500, na mikahawa inakubali kupandisha bei hadi 530. Akiuza kilo 52 anapata 27,560, ametumia 26,500, na faida ni 1,060 kwa wiki. Kwa mwezi ni 4,240. Rejesho bado ni 22,800. Pengo ni 18,560 kila mwezi, na kwa miezi mitatu ni 55,680.

Mkopo uleule unaweza kumfaa au kumzamisha kulingana na mwezi alioanza. Akianza biashara Oktoba na kuanza kulipa Desemba, miezi sita ya Desemba hadi Mei itamwachia 52,800, na faida ya Novemba, mwezi ambao hakuwa na rejesho, inaongeza 31,600. Akiiweka kando, kusi itapita. Akianza Mei, pengo litamkuta bila akiba. Wakopeshaji wengine hukubali rejesho dogo wakati wa kusi na kubwa wakati wa kaskazi, kwa hivyo uliza kabla ya kusaini.

Tahadhari moja: mzigo ukipungua wakati wa kusi, utaona karibu 48,000 zimebaki kwenye simu kwa sababu hununui samaki wengi. Hiyo si faida. Ni ile pesa ya kuzungusha, na utaihitaji samaki wakirudi.

Kabla ya kutuma ombi

Pokea mauzo yote kwa namba ya tili ya biashara, na ulipe wavuvi kutoka hapohapo badala ya laini yako ya nyumbani. Baada ya miezi sita, taarifa ya miamala itaonyesha unanunua kwa kiasi gani, nani anakulipa, na kusi inakushusha kiasi gani. Iambatanishe na orodha ya vifaa, makubaliano ya mikahawa na hesabu ya miezi 12, mwezi kwa mwezi. Ukiona kwenye karatasi hiyo mwezi ambao huwezi kulipa, badilisha kiasi, muda au mwezi wa kuanza kabla hujatia sahihi.