Gojira, zimwi lililozaliwa na majivu

Alfajiri ya Machi 1, 1954, wavuvi 23 wa Kijapani walikuwa baharini wakivua jodari. Ghafla upande wa magharibi ukang'aa kana kwamba jua linachomoza. Saa chache baadaye majivu meupe yakaanza kuwanyeshea. Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, na mlipuko ukazidi maradufu nguvu iliyokadiriwa. Chombo chao, Daigo Fukuryu Maru, kilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku, lakini majivu hayakujua mpaka.

Wavuvi walirudi nyumbani na ngozi zilizoungua, nywele zikiwanyonyoka. Samaki waliokutwa na mionzi wakatupwa, na wanunuzi wakawakimbia jodari sokoni. Mnamo Septemba mwendesha redio wa chombo hicho akafariki.

Novemba 3 mwaka huohuo, kampuni ya Toho ikaonyesha filamu ya *Gojira*, ambaye wengi tunamjua kama Godzilla. Inaanza na mabaharia wanaopumzika sitahani, mwanga mkali unaochomoza majini, kisha meli kuteketea. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kufafanuliwa.

Mwongozaji, Ishiro Honda, alikuwa askari aliyepita Hiroshima iliyoteketea akirejea kutoka China. Zimwi lake, mnyama wa kale aliyefurushwa baharini na majaribio ya mabomu, lilipewa ngozi ya mabonge na mikunjo iliyofananishwa na makovu ya manusura wa bomu la atomiki. Ndani yake alikuwamo mtu, amebeba vazi zito ajabu. Leo ujanja huo unaonekana, na pengine unachekesha. Kicheko hukatika hospitalini, pale kipima mionzi kinaposogezwa karibu na mtoto na daktari akatikisa kichwa tu.

Kuna tukio jingine fupi ndani ya treni. Mwanamke analalamika: kwanza jodari wenye mionzi, sasa Gojira, naye aliponea chupuchupu Nagasaki! Anayasema kama mtu anayelalamikia bei ya mchele, na hapo ndipo penye uchungu.

Dawa ya zimwi nayo inatisha. Dakta Serizawa amegundua kitu kinachoharibu oksijeni majini na kuua kila kiumbe kilichomo, lakini anakataa kukitumia akihofia wanasiasa watakigeuza silaha. Anapokubali, anachoma karatasi zake zote, anazamia nacho, kisha anakata kamba yake mwenyewe ili siri ife naye.

Mwaka 1956 Wamarekani waliikata filamu hiyo upya na kumpachika mwandishi wa habari wa kwao, aliyeigizwa na Raymond Burr. Maneno ya yule mwanamke yaliondolewa. Katika filamu ya awali, mwanasayansi mzee anamalizia kwa kuonya kwamba majaribio yakiendelea, Gojira mwingine atatokea. Onyo hilo nalo likaondolewa, na mahali pake Burr anawaambia watazamaji kwamba hatari imekwisha.